Mkono mmoja, malipo ya aina mbili: kisa cha mtoto wa Pemba na kadi ya bima

Mtoto ana miaka tisa. Jumamosi ya kwanza ya Disemba, msimu wa maembe, alipanda mwembe wa jirani upande wa kaskazini ya Pemba, tawi likakatika, akaangukia mkono wa kushoto. Mifupa yote miwili ya kigasha ilivunjika katikati. Ngozi haikuchanika, vidole vilikuwa na joto na vinacheza, lakini mkono ulikuwa umepinda kiasi ambacho hata asiyejua chochote angeona.

Baba yake ni mtunza stoo wa kampuni ninayofanyia kazi. Tawi letu la Pemba lina watu kumi na mmoja, makao makuu yako Unguja mjini, na mimi ndiye ninayeshughulikia mambo ya wafanyakazi, bima ya afya ikiwamo. Kabla ya hapo nilikaa miaka sita kwenye ofisi ya bima nikikagua madai, yaani mimi ndiye niliyekuwa nakata vipengele kwenye ankara za watu. Ndiyo maana kisa hiki nimekifuatilia karatasi kwa karatasi, na baba wa mtoto ameniruhusu nikiandike bila ya jina lake.

Kina faida ya kipekee, nayo ni kwamba mkono ni huohuo mmoja, mtoto ni mmoja, bima ni moja, lakini matibabu yalilipwa kwa njia mbili tofauti ndani ya siku kumi na nne. Mara ya kwanza baba alitoa fedha mfukoni akadai baadaye. Mara ya pili hospitali ilichukua kadi na kuidai bima moja kwa moja. Kwa hiyo tunaweza kuziweka njia mbili hizi ubavu kwa ubavu bila ya kulinganisha wagonjwa wawili tofauti.

Siku ile jirani mwenye gari aliwapeleka hospitali ya binafsi iliyo karibu, wanayoizoea. Wapo watakaouliza kwa nini hakwenda hospitali ya serikali, na ni swali la haki, kwani Zanzibar imekuwa na desturi ya matibabu bure tangu miaka ya sitini, na sasa upo Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar ulioanzishwa kwa sheria ya 2023. Jibu lake ni la baba yeyote: mtoto analia, gari imeshawashwa, unakwenda ulikozoea. Na zaidi ya hapo alikuwa na kadi ya bima ya kampuni kwenye pochi, akaamini kadi ni kadi.

Mama wa dirishani aliiangalia kadi, akaigeuza, akamrudishia. "Mwanangu, bima hii sisi hatunayo. Hapa utalipa taslimu."

Hospitali haikufanya kosa. Kadi ya bima ya binafsi si fedha, ni ushahidi kwamba kuna mkataba mahali fulani. Hospitali iliyo kwenye orodha ya bima imeshakubaliana na kampuni ya bima juu ya bei ya kila huduma, juu ya namna ya kuthibitisha kuwa mwenye kadi ni yeye, na juu ya siku ambazo itasubiri kulipwa. Isiyokuwa kwenye orodha haina hata kimoja kati ya hivyo, na ikimtibu mtu kwa kadi hiyo haina pa kwenda kudai. Hospitali ndogo nyingi hazitaki hata kuingia kwenye orodha, kwa sababu bei za mkataba ni za chini na malipo huchukua wiki nyingi, ilhali muuza dawa na wafanyakazi wao hawasubiri.

Baba alikuwa na 400,000 kwenye simu. Akazituma. Kaka yake akaja na 300,000 mkononi. Mtoto akapigwa eksirei, akapewa dawa ya usingizi, daktari akaunyoosha mfupa kwa mikono, akafungwa hogo kutoka juu ya kiwiko hadi kwenye kiganja, akapigwa eksirei ya pili kuhakikisha, akalala usiku mmoja. Jumapili walirudi nyumbani. Jumla 700,000 kamili, na karatasi mkononi ilikuwa moja tu: risiti iliyoandikwa kwa kalamu, jina la baba, "matibabu 700,000".

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu sehemu kubwa ya hasara ya baba huyu ilikuwa imeshapatikana kabla hajatoka mlango wa hospitali, na si kwa sababu ya kulipa. Ni kwa sababu ya simu ambayo haikupigwa.

Nyuma ya kadi yetu, kama ilivyo kwenye kadi nyingi za bima za binafsi, imeandikwa namba ya simu inayopokewa usiku na mchana. Watu huidhani ni namba ya malalamiko. Kazi yake hasa ni saa kama ile. Unapiga, unataja namba ya uanachama, unasema uko wapi na nini kimetokea, na wanafungua kesi yenye namba yake. Baada ya hapo yanawezekana mambo mawili. La kwanza, bima inaweza kuiandikia hospitali ile barua ya dhamana, kwamba kwa mgonjwa huyu na kwa tatizo hili italipa mpaka kiwango fulani, hata kama hospitali haimo kwenye orodha. Hospitali inaweza kuikubali barua au kuikataa, na usiku wa Jumamosi bima yenyewe inaweza kuchelewa kuitoa. Sisemi ni jambo la uhakika. Lakini la pili ni la uhakika: hata ukilipa taslimu, tukio limeshaandikwa kwenye kumbukumbu za bima saa ileile. Mkataba wetu unataka dharura iliyotibiwa nje ya orodha itolewe taarifa ndani ya saa 48. Baba aliniambia Alkhamisi, siku ya tano, alipokuja kuuliza fomu ya madai inapatikana wapi.

"Dada, mimi nilijua kadi wakishaikataa basi, bima haihusiki tena mpaka nikupelekee risiti."

Nimeisikia kauli hiyo mara nyingi mno, kutoka kwa watu wazima waliosoma.

Nilimtumia fomu. Nikamwambia arudi hospitali akaombe vitu vitatu: ankara yenye mchanganuo wa kila huduma na bei yake, fomu ijazwe na kugongwa muhuri na daktari aliyetibu, na nakala ya cheti cha dawa. Daktari aliyemtibu huja siku maalumu, na siku ile hakuwepo. Baba akakusanya alichokipata, akakitia kwenye bahasha.

Jumatatu iliyofuata, siku ya tisa, mtoto alipelekwa Chake Chake kwa eksirei ya kuangalia. Hii ni hatua ambayo haitakiwi kurukwa kwa kigasha kilichonyooshwa bila ya chuma, kwa sababu katika wiki mbili za mwanzo uvimbe unapungua, hogo linalegea, na mfupa unaweza kuteleza tena. Hutokea hata pale daktari alipofanya kila kitu sawasawa. Kliniki ile imo kwenye orodha yetu, kwa hiyo kadi ilipita bila ya shida: kidole kwenye mashine, kadi, eksirei, saini, kwaheri. Lakini orodha ina maandishi madogo pembeni ya jina lake, kwamba ni kwa wagonjwa wa nje tu. Haina chumba cha upasuaji. Ninalitaja hili kwa sababu watu husoma orodha kwa majina ya miji, wakaona Pemba ipo, wakatulia. Orodha isomwe kwa huduma. Kwa bima yetu, ukitaka kulazwa na kupasuliwa kwa kadi, unavuka bahari.

Na mfupa ulikuwa umeteleza. Daktari wa kliniki aliandika barua ya rufaa kwenda kwa daktari wa mifupa Unguja. Jumanne walikuwa kwenye meli, baba, mama na mtoto, na bahasha ya madai chini ya kwapa la baba, kwa kuwa alitaka kuniletea mwenyewe.

Sasa njia ya pili. Hospitali ya Unguja, iliyomo kwenye orodha, ilimpokea mtoto kwa kadi. Daktari wa mifupa aliangalia eksirei zote tatu, akasema safari hii kunyoosha kwa mikono hakutoshi. Ataingiza vyuma viwili vyembamba vinavyonyumbulika, kimoja kwa kila mfupa, kwa ndani. Kwa matibabu ya aina hiyo kadi peke yake haitoshi hata kwenye hospitali ya orodha. Inatakiwa kibali cha awali. Hospitali hujaza fomu yenye jina la tatizo, aina ya upasuaji, siku za kulala na makadirio ya gharama, ikaituma bima, na daktari wa bima huisoma na kukubali, kukataa au kuuliza.

Fomu ilitumwa saa sita mchana ikiwa na makadirio ya 2,900,000. Saa tisa lilikuja swali badala ya jibu: mtoto huyu amevunjika lini, na kwa nini anafanyiwa upasuaji siku kumi baada ya ajali? Matibabu ya kwanza yako wapi?

Kwenye kumbukumbu za bima, matibabu ya kwanza hayakuwepo. Waliloliona ni eksirei moja ya jana Chake Chake na ombi la karibu milioni tatu leo. Mkaguzi yeyote mwenye akili angesimama hapo, nami ningesimama. Siku kumi za matibabu ya mtoto yule zilikuwa ndani ya bahasha mezani kwangu. Simu ya Jumamosi, ile ambayo haikupigwa, ndiyo ingeziweka pale zinapotakiwa. Wengi hawafikirii kwamba kulipa taslimu hukata pia historia ya mgonjwa mbele ya bima, na ukija kuitaka bima ilipe kikubwa, inakuona mgeni.

Wakati tunasubiri, dirisha la malipo lilimwomba baba depositi ya 500,000 "mpaka kibali kitoke". Alinipigia akiwa na sauti ya mtu aliyeshafikiria amkope nani. Nikamwambia asilipe kwanza, aniunganishe na ofisi ya bima ya hospitali hiyo. Mara nyingi depositi huombwa na dirisha lisilojua kuwa ombi la kibali limeshatumwa. Na fedha za depositi zikishaingia, kuzirudisha baada ya bima kulipa ni dai jingine, safari hii kwa hospitali, na huchukua muda wake. Ofisi yao ya bima ilikuwa ya waungwana, ikaliondoa sharti hilo. Ingekuwa dharura ya kupoteza mkono ningemwambia alipe chochote alichonacho, tutagombana baadaye. Lakini daktari alishasema mtoto anaweza kusubiri siku moja.

Nilizipiga picha karatasi zote za bahasha nikazituma kwa bima jioni ile, pamoja na maelezo ya nusu ukurasa. Kibali kilitoka Jumatano saa nne asubuhi, kwa 2,700,000, kwa vile bei ya vyuma kwenye makadirio ilikuwa juu ya bei ya mkataba na hospitali ikaishusha bila ya ugomvi. Mgonjwa hakuulizwa wala hakudaiwa tofauti hiyo. Liangalie jambo hili vizuri, kwa sababu ndiyo tofauti kubwa ya njia mbili hizi na nitairudia kwenye hesabu: ndani ya orodha, bei ikizidi mkataba, inayopoteza ni hospitali. Nje ya orodha, bei ikizidi, unayepoteza ni wewe.

Mtoto alilazwa Jumatano, akapasuliwa Alkhamisi asubuhi, akaruhusiwa Jumamosi saa tatu. Wakatoka hospitali saa kumi jioni. Saa saba zote ziliishia kwenye ankara: wodi inafunga hesabu, duka la dawa linafunga lake, ankara inakwenda bima, bima inathibitisha kuwa haikuzidi kibali, jibu linarudi. Meli ilishaondoka. Walilala kwa shemeji yao Mwembeladu. Hakuna aliyewaonya, na mimi mwenyewe nilisahau kuwaambia wasikate tiketi ya siku ya kuruhusiwa.

Kabla ya kuondoka aliwekewa ankara asaini. Nilikuwa nimemsisitiza aisome, naye ni mtunza stoo, kusoma orodha ya vitu ndiyo kazi yake. Ilikuwa 2,745,000, imezidi kibali. Akakuta mazoezi ya viungo mara tatu, 45,000, wakati mtoto hakufanyishwa zoezi hata moja kwa vile mkono bado umefungwa. Akaonyesha, wakaiondoa, ikabaki 2,700,000. Mtu anayetibiwa kwa kadi husaini kama anayesaini kupokea barua, kwa kuwa hazitoki mfukoni mwake. Zinatoka. Kila ankara inapunguza kikomo cha familia cha mwaka. Familia hii ina 5,000,000 za kulazwa kwa mwaka, na uzazi wa mama mwezi wa Machi ulishakula 1,400,000. Baada ya upasuaji zilibaki 900,000, na dai la 700,000 lilikuwa bado halijakatwa. Dai hukatwa kwenye mwaka wa siku ya matibabu, hata kama malipo yatatoka mwaka unaofuata. Nafasi ilikuwa ipo, lakini nyembamba.

Turudi kwenye bahasha. Niliikabidhi bima rasmi Jumatano ileile, siku ya kumi na moja, nikiambatanisha barua ya kueleza kwa nini taarifa ilichelewa. Kuchelewa walikusamehe kwa kuwa ilikuwa dharura ya mtoto. Mengine hawakuyasamehe. Wiki mbili baadaye faili lilirudi na maswali matatu: ankara haina mchanganuo, sehemu ya daktari haijajazwa, na sababu ya matibabu imeandikwa "ajali" tu.

Neno hilo moja, "ajali", limechelewesha madai mengi kuliko kosa jingine lolote nililoliona kazini. Bima ikiliona inataka kujua ajali ya nini. Ikiwa ni ya barabarani, huenda bima ya chombo kilichogonga ndiyo inayotakiwa kulipa. Ikiwa ni ya kazini, kuna fidia ya wafanyakazi. "Aliangukia mkono kutoka kwenye mwembe, nyumbani, Jumamosi saa kumi alasiri" ingemaliza mjadala kwa mstari mmoja.

Lilikuwepo pia swali la 400,000 zilizotumwa kwa simu, kwani zilikwenda kwenye namba yenye jina la mtu, si la hospitali. Mkaguzi hana njia ya kujua mtu huyo ni nani. Risiti ya kalamu ingewekwa pembeni lau hospitali isingekubali kutoa nyingine iliyochapishwa, yenye jina la mtoto, namba yake ya faili na jumla yote. Baba alikwenda mara tatu. Mara ya kwanza daktari hayupo, mara ya pili mhasibu hayupo. Mara ya tatu akawapata wote wawili. Nauli na saa za kazi alizopoteza hakuna fomu inayoziuliza.

Faili kamili liliingia mwanzoni mwa Januari, na malipo yakaingia benki siku ya sitini na moja tangu mtoto aanguke. Yalikuwa 445,500. Haya ndiyo yaliyotokea kwa zile 700,000.

Kumuona daktari, 20,000, ililipwa yote. Eksirei mbili za 30,000 kila moja zililipwa kwa 25,000, ambayo ndiyo bei ya mkataba ya hospitali za orodha. Kunyoosha mfupa kwa dawa ya usingizi, 380,000, kulilipwa 300,000 kwa sababu hiyohiyo. Hogo, 60,000, halikulipwa hata senti, kwa kuwa kwenye bei za mkataba hogo limo ndani ya kunyoosha mfupa, haliandikwi mbali. Kitanda, 70,000, kililipwa 60,000. Dawa na vifaa, 90,000, vililipwa 65,000, kwani dawa mbili zenye jumla ya 25,000 hazikuwa na cheti. Chakula na godoro la mama, 20,000, havimo kwenye bima. Jumla iliyokubaliwa ni 495,000. Kisha ikakatwa asilimia kumi, mchango wa mwanachama kwa matibabu ya nje ya orodha, yaani 49,500.

Nilikata rufaa kwa vitu viwili. Cheti cha zile dawa mbili kilipatikana, wakaongeza 22,500 baada ya kutoa asilimia kumi. Kwa hogo nilishindwa. Nilijaribu kusema kwamba mgonjwa hawezi kuilazimisha hospitali iliyo nje ya mkataba iandike ankara kwa mtindo wa mkataba, wakajibu kwamba kifungu kinasema bei ya hospitali za orodha ndiyo kipimo, basi. Kwa maandishi wako sawa. Kwa haki, sijaridhika mpaka leo. Anayeona bima imekiuka mkataba wenyewe anaweza kupeleka shauri kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima inapokea malalamiko, lakini hapa hakukuwa na ukiukaji. Kulikuwa na kifungu ambacho mwajiri alikisaini na mfanyakazi hakuwahi kusomewa. Mwajiri huyo, kwa kazi yangu, ni mimi.

Kwa hiyo alirejeshewa 468,000, na 232,000 zikapotea. Ni theluthi ya alichotoa.

Na njia ya kadi, je, ilikuwa ya bure? Mama alitaka chumba cha peke yao ili alale na mtoto, na tofauti na kitanda cha kawaida ilikuwa 30,000 kwa usiku, mara tatu, 90,000. Meli kwa watu watatu kwenda na kurudi, gari za bandarini na za mjini, zilifika 210,000. Jumla 300,000 kutoka mfukoni, ambazo hakuna wa kuzidai. Ukitazama mfuko wa baba peke yake, matibabu ya kadi yalimgharimu zaidi kuliko yale ya kulipa na kudai. Alinionyesha hesabu hiyo kwenye daftari lake la stoo, ananiuliza faida ya orodha iko wapi.

Nilimjibu kwa kumgeuzia hesabu. Theluthi ya 2,700,000 ni 900,000. Kama upasuaji ule ungelipwa kwa njia ya kwanza, na ukapunguzwa kwa kiasi kilekile, angepoteza 900,000. Lakini kabla ya kupoteza angetakiwa kuwa nazo 2,700,000 asubuhi ile ya Jumatano, na akae bila ya fedha hizo miezi miwili. Hakuwa nazo wala asingezipata. Hata zile 300,000 za kaka yake zilikuwa za kununulia bati, na nyumba ilikaa wazi mpaka Februari.

Ninachokiona mimi kwenye kisa hiki ni kwamba kwa mtu wa Pemba mwenye bima kama yetu, kitu cha kupimwa kabla ya kuchagua ni ukubwa wa ankara ukilinganishwa na bahari. Kwa tatizo dogo, la laki moja au mbili, kulipa Pemba na kudai ni afadhali kuliko kuvuka kwa ajili ya kadi, ilimradi ankara ina mchanganuo na simu imepigwa. Kwa tatizo la kupasuliwa ambalo linaweza kusubiri siku moja, vuka, na kibali kiombwe ungali nyumbani, hospitali ya Unguja ikitumiwa eksirei kwa simu, ili usifike ukaanza kusubiri kwenye benchi. Ajali ya Jumamosi ile ilikuwa katikati ya mawili hayo, na mtoto aliyepinda mkono haachiwi kulala hivyo akisubiri meli ya asubuhi. Kulipa pale pale kulikuwa sahihi. Kilichokosekana ni simu ya dakika kumi.

Tangu hapo nimebadilisha vitu viwili kazini. Namba ya nyuma ya kadi nimewataka wafanyakazi wote waiweke kwenye simu zao na za wake na waume zao, na tuliipiga pamoja siku hiyo tuone inapokewa na nani. Na kwenye mkataba mpya wa Januari nimeomba asilimia kumi isikatwe kwa dharura zinazotokea Pemba, kwa kuwa bima haina hospitali ya kupasua kule na mfanyakazi hakuchagua kutoka nje ya orodha. Hilo walilikubali. Bei ya mkataba kuwa kipimo hawakuikubali.

Vyuma vinatakiwa kutolewa Juni, miezi sita baada ya upasuaji, kwa kikomo cha mwaka mpya. Ombi la kibali limeshakwenda, likiwa na namba ya kibali cha Disemba na picha ya eksirei iliyopigwa Chake Chake wiki iliyopita. Tiketi ya kurudi baba ameikata ya siku inayofuata kuruhusiwa.